Boksi Moja, Kazi Tatu: Maswali ya Wanaoanza Kuhusu Modemu, Rauta na Akses Pointi

Fundi wa faiba akishamaliza kazi yake, huacha sebuleni boksi lenye antena na taa zinazomemeta. Baba analiita modemu, dada analiita rauta, na watoto wanaliita waifai, basi. Mambo yanakwenda vizuri mpaka siku intaneti inapogoma, au mpangaji wa chumba cha uani anapolalamika kwamba kwake haifiki. Hapo mwenye nyumba anakwenda dukani, anaambiwa "chukua hii, ni kali sana," anarudi nayo nyumbani, na tatizo linabaki palepale au linazidi. Majibu yafuatayo yanaeleza nani anafanya kazi gani, ili intaneti ikikusumbua ujue pa kuanzia kabla hujatoa pesa.

Modemu, rauta na akses pointi ni vitu vitatu au ni kitu kimoja?

Ni kazi tatu. Zinaweza kufanywa na vifaa vitatu, na zinaweza kufanywa na kifaa kimoja. Modemu inapokea intaneti kutoka kwa kampuni na kuigeuza iwe katika hali ambayo vifaa vya nyumbani vinaielewa. Rauta inaigawa kwa simu, kompyuta na televisheni zote za nyumbani, na kuhakikisha kila moja inapata kile ilichoomba. Akses pointi inaitoa kwenye waya na kuirusha hewani, na hiyo ndiyo waifai unayoiona kwenye simu.

Kifaa kinachofanya kazi zote tatu unacho mfukoni. Ukiwasha hotspoti kwenye simu yako ili mwenzako aingie mtandaoni, simu inaongea na mnara wa kampuni kupitia laini yako: hiyo ni kazi ya modemu. Inampa mwenzako anwani na kumpitishia mawasiliano yake kwa bando lako: hiyo ni kazi ya rauta. Tena inarusha waifai ili aipate: hiyo ni kazi ya akses pointi. Boksi la faiba la sebuleni, na yale maboksi yanayotumia laini ya simu, yamejengwa hivyohivyo. Ndiyo maana kila mtu nyumbani ana jina lake la kuliita, na hakuna aliyekosea kabisa.

Basi kuna haja gani ya kuzitofautisha?

Kwa sababu kazi moja inaweza kufa huku nyingine zikiendelea. Faiba ikikatika barabarani, waifai nyumbani haizimiki. Simu itaendelea kuonyesha alama kamili, na bado hutafungua ukurasa wowote. Kinyume chake, intaneti inaweza kuwa inaingia vizuri kabisa kwenye boksi, ila waifai haipenyi ukuta wa chumba chako. Mtu wa kwanza anatakiwa kupiga simu kwa kampuni, na wa pili anahitaji akses pointi. Wote wawili wakikimbilia kununua "rauta yenye nguvu", wa kwanza amepoteza pesa yote, na wa pili huenda akapata nafuu kidogo tu.

Modemu hasa inafanya nini?

Inategemea intaneti inakufikia kwa njia gani. Kompyuta inaelewa namba mbili tu, sifuri na moja. Lakini njia za kutoka kwa kampuni hadi nyumbani ni za aina nyingi: waya wa shaba wa simu ya mezani, mawimbi ya mnara, mawimbi ya setilaiti, au mwanga unaopita ndani ya uzi wa kioo. Modemu inasimama mwisho wa njia hiyo na kugeuza kinachoingia na kinachotoka. Kwa hiyo kila aina ya njia ina modemu yake. Modemu ya laini ya simu haiwezi kupokea faiba, na ya faiba haiwezi kupokea laini.

Wengi wetu neno hili tulilijua kwa kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye laptopu, kilichowekwa laini ya simu ndani. Kile kilikuwa modemu tupu. Hakikuwa na waifai wala hakikugawa intaneti kwa watu wengine. Kompyuta iliyochomekwa ndiyo peke yake iliyopata.

Kwenye faiba, mafundi wana jina lao la kifaa hiki, na wengi hukiita ONT, lakini kwa mtumiaji wa nyumbani kimesimama mahali pale pale pa modemu. Ukikiangalia vizuri utaona taa mbili zinazostahili kujulikana. Ya kwanza imeandikwa PON. Ikiwaka bila kumemeta, kwa kawaida ina maana kwamba boksi lako limetambuliwa na mtambo wa kampuni. Ya pili imeandikwa LOS, na hii katika hali ya kawaida huwa imezima. Ikianza kumemeta nyekundu, mwanga hauingii kwenye boksi. Huenda uzi umekatika njiani, au umebonyezwa na mguu wa kabati, au umekunjwa sana nyuma ya meza ya televisheni. Uzi wa faiba ni kioo chembamba. Ukiukunja kona kali, mwanga unavuja palepale kwenye kona hata kama uzi haujavunjika. Kwa hiyo ukiona LOS nyekundu, ufuate ule waya mwembamba kwa macho kuanzia kwenye boksi hadi ukutani, ulegeze mahali palipokunjwa, na taa ikibaki nyekundu upige simu kwa kampuni. Usichomoe ncha ya faiba na kuichungulia. Mwanga wake hauonekani kwa macho, na unaweza kuyadhuru.

Jambo la kuliepuka kuliko yote hapa ni kubonyeza kile kitundu kilichoandikwa RESET kwa sindano. Kuzima boksi na kuliwasha hakuna madhara. RESET ni kitu kingine: inafuta mipangilio yote, pamoja na ile ambayo huenda fundi wa kampuni aliiingiza siku ya kufunga. Boksi lililokuwa na tatizo dogo la waya sasa lina matatizo mawili.

Na rauta? Kwa nini tusichomeke kila kitu kwenye modemu tu?

Kwa sababu kampuni kwa kawaida inakupa anwani moja tu, nawe una vifaa kumi. Fikiria shule ya bweni. Wanafunzi wote wanatumia S.L.P. moja ya shule. Barua zinafika posta kwenye sanduku hilo moja, karani anazileta, kisha anasoma jina na kumpelekea kila mwanafunzi yake. Posta haijui wala haihitaji kujua nani analala bweni gani. Rauta ndiye karani huyo. Nje ya nyumba yako dunia inaona anwani moja. Ndani, rauta inakumbuka kwamba video iliombwa na televisheni na barua pepe iliombwa na laptopu, na kila jibu linapoingia inalipeleka panapohusika.

Anwani za ndani zinatoka kwenye fungu maalumu lililotengwa kwa matumizi ya nyumbani na maofisini, na utazitambua kwa urahisi kwa sababu nyingi huanza na 192.168. Utaratibu huo uliwekwa miaka ya 1990, baada ya kuonekana kwamba anwani za mfumo wa wakati ule, ambazo jumla yake ni kama bilioni 4.3, zisingetosheleza kila kifaa duniani. Ndiyo sababu simu yako na ya jirani yako zinaweza zote kuwa na anwani 192.168.1.5 bila kugongana. Kila moja iko nyuma ya rauta yake.

Simu haijichagulii anwani. Inapojiunga na waifai inaomba, na rauta inaijibu ikiwa na mambo mawili makubwa: "anwani yako ni hii" na "ukitaka kutoka nje, pitia kwangu". Huduma hiyo ya kugawa anwani, kwenye kurasa za mipangilio, inaitwa DHCP. Likumbuke jina hilo, kwa sababu ndilo litakalotuletea kizaazaa huko mbele.

Akses pointi inafanya kazi gani ambayo rauta haifanyi?

Inarusha waifai, na kwa kawaida inaishia hapo. Akses pointi haigawi anwani wala haijui intaneti inatoka wapi. Inapokea mawasiliano kwa waya upande mmoja na kuyatoa kwa mawimbi upande wa pili. Vile visahani vyeupe unavyoviona kwenye dari za hoteli na vyuo ni akses pointi. Jengo zima linaweza kuwa na visahani ishirini, ila rauta moja tu iliyofungiwa kwenye chumba cha mitambo. Visahani hivyo mara nyingi havina waya wa umeme, kwa sababu umeme unapanda humohumo kwenye waya wa mtandao.

Mawimbi ya waifai ya nyumbani yapo hasa ya aina mbili, 2.4 gigahezi na 5 gigahezi. Ya 2.4 yanafika mbali zaidi na kupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni ya taratibu na yamejaa majirani. Ya 5 yana kasi kubwa, ila yanachoka upesi yakikutana na ukuta. Nyumba zetu za matofali ya saruji huyanyonya mawimbi, na bati huyarudisha yalikotoka. Banda la uani lililozungushiwa mabati linaweza kukosa waifai hata kama liko hatua kumi tu kutoka sebuleni. Hakuna rauta "kali" inayolimaliza hilo, maana simu nayo inatakiwa kujibu, na redio ya simu ni dhaifu. Boksi linaweza kupiga kelele mpaka uani, lakini halitaisikia sauti ndogo ya simu inayolijibu.

Simu inaonyesha waifai imejaa, lakini intaneti hakuna. Nitajuaje ni kazi ipi iliyokufa?

Zile alama za waifai zinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na akses pointi tu. Hazisemi lolote kuhusu kinachoendelea baada ya hapo. Ili kujua, pima hatua kwa hatua kutoka ndani kwenda nje.

Kwanza angalia anwani ambayo simu imepewa. Fungua mipangilio, nenda kwenye waifai, gusa jina la mtandao ulioungana nao. Ukiona anwani inayoanza na 192.168, rauta imejibu. Ukiona inayoanza na 169.254, simu iliomba ikakosa wa kuijibu, ikajitungia anwani yake yenyewe. Hapo tatizo liko ndani ya nyumba, na kampuni haihusiki bado.

Ukiwa na kompyuta ya Windows unaweza kwenda mbele zaidi. Fungua dirisha la amri na uandike:

```
ipconfig
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Amri ya kwanza inakuonyesha anwani yako na, kwenye mstari ulioandikwa Default Gateway, anwani ya rauta. Ikiwa kwako si 192.168.1.1, weka hiyo uliyoiona kwenye mstari wa pili. Amri ya pili inaiita rauta na kusubiri iitikie. Amri ya tatu inaita mashine ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba yako. Rauta isipoitika, tatizo ni waifai au rauta yenyewe. Rauta ikiitika lakini 8.8.8.8 ikawa kimya, waifai yako ni nzima na njia imekatika kuanzia kwenye rauta kwenda nje: tazama taa ya LOS, angalia kama malipo yameisha, kisha piga simu kwa kampuni. Zote mbili zikiitika na bado kurasa hazifunguki, njia ipo. Kilicholala ni ile huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, na mara nyingi kuzima boksi na kuliwasha hutosha.

Waifai haifiki uani. Nimenunua rauta ya pili nikaiunganisha, na sasa hata sebuleni intaneti inapotea na kurudi. Kimetokea nini?

Hiki ndicho kisa kinachowasumbua mafundi wengi wa mtaani, kwa hiyo tukifuate taratibu.

Chukua nyumba yenye boksi la faiba sebuleni, ambalo anwani yake ni 192.168.1.1. Vyumba vya uani viko nyuma, kama mita ishirini. Mwenye nyumba ananunua rauta ya kawaida, ambayo kiwandani imepewa anwani 192.168.0.1. Anavuta waya kutoka sebuleni hadi uani, anauchomeka kwenye mojawapo ya matundu yaliyoandikwa LAN kwenye boksi la faiba, na ncha ya pili anaichomeka kwenye tundu la LAN la rauta mpya. Taa zinawaka, waifai ya uani inaonekana, na watu wawili wanaingia mtandaoni bila shida. Wa tatu hapati kitu.

Sababu ni kwamba sasa nyumba ina makarani wawili, na hakuna aliyewaambia wagawane kazi. Simu ikiomba anwani, ombi linasambaa kwenye mtandao mzima na kuzifikia rauta zote mbili, na simu kwa kawaida inapokea jibu lililotangulia kufika. Likitangulia la boksi la faiba, simu inaambiwa "toka nje kupitia 192.168.1.1" na mambo yanakwenda. Likitangulia la rauta mpya, inaambiwa "toka nje kupitia 192.168.0.1", na rauta hiyo haina njia yoyote ya kutoka nje, kwa kuwa tundu lake la WAN halina kitu. Na kwa sababu waya umeunganisha pande zote mbili, simu ya sebuleni nayo inaweza kunaswa na karani wa uani. Ukizima waifai ya simu na kuiwasha unaweza kubahatika jibu zuri, ukadhani imepona. Kesho inarudi vilevile.

Dalili yake haifichiki ukijua pa kutazama. Linganisha anwani za simu yenye intaneti na simu isiyo nayo. Moja itaanza na 192.168.1, nyingine na 192.168.0. Ndani ya nyumba yenye rauta moja hilo kwa kawaida halitokei.

Je, nikichomeka ule waya kwenye tundu la WAN badala ya LAN?

Intaneti itapatikana kwa kila mtu, na kwa wengine hilo linatosha. Rauta mpya italichukulia boksi la faiba kama ndiyo kampuni yake, na kujenga mtandao wa pili nyuma ya wa kwanza. Tatizo ni kwamba watu wa uani sasa wako kwenye nyumba nyingine kimtandao. Printa iliyo sebuleni hawataipata kwenye orodha ya printa za simu zao, wala hawataweza kurusha video kwenye televisheni ya sebuleni. Baadhi ya michezo ya mtandaoni na kamera za ulinzi nazo husumbua, kwa kuwa mawasiliano yanapita kwa makarani wawili. Kama uani wanakaa wapangaji usiopenda waione printa wala kompyuta yako, weka rauta ya wapangaji mbele na yako nyuma, maana aliye nyuma ndiye huwa amekingwa na aliye mbele. Aliye nyuma bado anaweza kuvifikia vya mbele. Lakini kama ni familia moja, kilichohitajika uani kilikuwa akses pointi.

Je, rauta hiyo niliyokwisha kuinunua inaweza kugeuzwa kuwa akses pointi?

Ndiyo, na hakuna cha kununua zaidi. Ichomoe kwanza kwenye mtandao wa nyumba, iwashe peke yake, uiunganishe na laptopu kwa waya mfupi kupitia tundu la LAN. Fungua kivinjari na uandike anwani iliyo kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya rauta, kwa mfano wetu 192.168.0.1. Rauta nyingi za siku hizi zina ukurasa ulioandikwa Operation Mode, na ndani yake kuna Access Point. Ukiupata, chagua hapo, uweke jina la waifai na nenosiri, na kazi kubwa imekwisha.

Usipouona, fanya kwa mkono, na mpangilio wa hatua uufuate kama ulivyo:

1. Kwenye sehemu ya LAN, badilisha anwani ya rauta mpya iwe 192.168.1.2. Ukihifadhi, ukurasa utakwama, kwa sababu rauta imehama anwani. Chomoa waya wa laptopu, uchomeke tena, kisha ufungue 192.168.1.2.
2. Kwenye waifai, weka jina na nenosiri lilelile la boksi la sebuleni, ili simu zihame zenyewe mtu anapotembea. Boksi la sebuleni likitumia chaneli 1 ya 2.4 gigahezi, hii ipe 6 au 11, ili zisikanyagane.
3. Sasa tafuta DHCP Server na uizime. Hatua hii inakuja mwisho kwa makusudi. Ukianza nayo, laptopu itakosa anwani na hutaweza kurudi kwenye ukurasa wa mipangilio kwa urahisi.
4. Peleka rauta uani, uchomeke waya wa kutoka sebuleni kwenye tundu lake la LAN. Tundu la WAN liache tupu.

Kabla ya hayo, hakikisha boksi la faiba haliigawi anwani 192.168.1.2 kwa simu ya mtu. Kwenye ukurasa wake wa DHCP utaona mwanzo na mwisho wa anwani linazogawa, labda kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200. Ikiwa linaanzia namba 2, lisogeze lianzie 10.

Kuhakiki ni rahisi. Simama uani, jiunge na waifai, tazama anwani ya simu. Inatakiwa ianze na 192.168.1, na njia ya kutokea iwe 192.168.1.1. Karani amebaki mmoja. Kifaa cha uani kimekuwa antena tu. Printa ya sebuleni nayo itaonekana. Jambo moja litakaloweza kukukera ni simu inayong'ang'ania waifai ya sebuleni hata ukiwa uani, kwa kuwa uamuzi wa kuhama ni wa simu yenyewe. Kuzima waifai ya simu na kuiwasha huilazimisha ichague upya.

Kwa nini nivute waya? Si kuna vile vya kuchomeka ukutani tu vinavyorefusha waifai?

Vipo, navyo huitwa ripita. Inasikiliza waifai ya sebuleni na kuirusha tena. Aina za bei nafuu zina redio moja inayofanya kazi zote mbili kwa zamu, kwa hiyo kila kitu kinapita hewani mara mbili, na kasi inaweza kupungua hadi nusu. Kosa linalofanyika sana ni kuiweka palepale ambapo waifai haifiki. Ripita haiwezi kurudia isichokisikia. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo waifai bado ni nzuri. Na kama katikati kuna ukuta wa bati, haitasaidia sana hata huko.

Waya hauna matatizo hayo. Waya mzuri wa shaba, ulioandikwa Cat 5e au Cat 6, unabeba mawasiliano hadi mita 100 kwa kasi ileile. Kwa nje nunua ule uliotengenezwa kukaa juani, uupitishe kwenye bomba la plastiki, na usiulaze bega kwa bega na waya wa umeme. Majira ya mvua za radi, chomoa ncha zote mbili mawingu yakianza kuunguruma.

Nikienda dukani, niseme nataka nini?

Sema tatizo lako kabla ya kutaja kifaa. Kama huna intaneti nyumbani na faiba haijafika mtaani kwenu, unachotaka ni boksi linalopokea laini ya simu, na uulize linapokea mtandao wa kampuni gani. Mengine yamefungwa yakubali laini za kampuni moja tu. Kama una boksi la faiba lililoharibika, usinunue dukani: mtambo wa kampuni huutambua utambulisho wa boksi lililosajiliwa kwako, na ukichomeka lingine litakaa bure mpaka wao walisajili. Kama una vifaa vingi vya waya na matundu ya LAN yamekwisha, unachohitaji ni swichi, ambayo ni kifaa cha bei ndogo cha kuongeza matundu tu.

Na kama intaneti ipo ila haifiki mwisho wa nyumba, omba akses pointi, au rauta ambayo muuzaji atakuonyesha kwenye kartoni maneno Access Point Mode. Kisha uombe na waya wa kutosha kufika uani. Pima urefu kabla hujatoka nyumbani, ukifuata kona za ukuta, na uongeze mita chache za kupandia na kushukia.